Kwanini mgonjwa wa presha anaruka dawa wakati anajua madhara

"Wakuu mama yangu ana presha, yuko Tandahimba, dawa anakunywa kichwa kikimuuma tu. Nimemtisha na kiharusi mpaka nimechoka, hasikii. Nifanyeje?"

Mkuu nimefanya kazi ya ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa huku Mtwara, kliniki ya presha na sukari, na nakwambia kwanza acha kumtisha, kwa sababu hofu anayo tayari, kinachokosekana ni kingine.

Kuna kitu kinaitwa modeli ya imani za afya, ilitengenezwa Marekani miaka ya 1950 na wanasaikolojia waliojiuliza mbona watu hawaendi kupiga eksirei ya kifua kupima tibii na huduma ni bure. Wakaona mtu kabla hajachukua hatua anapima vitu kichwani mwake: ugonjwa huu ni mbaya kiasi gani, je na mimi unaweza kunipata, dawa itanisaidia kweli, na usumbufu wake ni upi. Baadae ikaongezwa kujiamini, yaani mtu anaona ataweza au hataweza. Sasa sisi ndugu tunapiga kelele kwenye ule ubaya peke yake.

Kuna mama mmoja alikuja presha 178/102, alikuwa anapewa amlodipini miligramu 5 na bendro, ile dawa ya presha inayokojoza, kila moja kidonge kimoja kwa siku. Mwezi ulikuwa umeisha na kati ya vidonge 30 vya amlodipini 13 vilikuwa bado vipo, maana yake kanywa 17, kama asilimia 57, na sisi tunataka angalau 80. Sikumuuliza "mbona hunywi dawa" maana ukiuliza hivo unadanganywa, tena wengine wanavitupa vidonge njiani ili hesabu ikae sawa, kwaiyo hesabu ya vidonge peke yake usiiamini, iangalie pamoja na presha na tarehe alizokuja kuchukua dawa. Nikamwambia, "Mama, msimu wa korosho kazi ni nyingi, watu wengi dawa zinawapita. Wewe wiki hii zimekupita siku ngapi?" Akafunguka mwenyewe.

Akasema, "Mwanangu, kiharusi nakiogopa, dada yangu yuko kitandani mpaka leo. Ila kichwa kisipouma presha si imeshuka? Na ile ya kukojoa naimeza usiku maana alfajiri natoka kwenda shamba, basi silali."

Unaona hapo, ubaya anaujua kuliko mimi na wewe. Tatizo ni mawili, anaamini siku asiyoumwa hana presha, na ile bendro inamnyima usingizi. Alafu kinachomdanganya zaidi ni kwamba akiumwa kichwa anakunywa amlodipini pamoja na panado, kichwa kinapoa, anaona amlodipini ndo imefanya kazi, wakati dawa ile ukiinywa kila siku nguvu yake inakamilika baada ya kama wiki moja mpaka mbili, haiwezi kuwa dawa ya kushtukiza.

Kwaiyo sikumhutubia. Nikamuuliza leo unajisikiaje, akasema mzima kabisa, kichwa hakiumi, nikampumzisha dakika 5 tukapima tena mbele yake, 174/100. Akakaa kimya anaangalia mashine, kisha akaniuliza "na hapa siumwi?" Hilo swali lake lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Ile bendro nikampeleka kwa daktari maana mshauri habadilishi dawa, akaambiwa azimeze zote mbili asubuhi na uji kabla ya kutoka, na kwamba ule mkojo mwingi wa siku za mwanzo unapungua. Dawa za wiki tukaziweka kwenye kikopo kinachokaa ndani ya kapu analobeba shamba, maana akihamia kule msimu wa korosho dawa zilikuwa zinabaki nyumbani. Nikamwomba anieleze mwenyewe atafanyaje kesho, akaeleza, alafu nikamuuliza toka 0 mpaka 10 ana uhakika gani ataweza, akasema 6, nikamuuliza kipi kinakosekana, akasema kusahau, tukakubaliana mjukuu wake ndo atakuwa anamuuliza akimletea uji. Mwezi uliofuata vilibaki vidonge 3, presha 144/88.

Sasa kwa mama yako, mpimeni siku anayojisikia vizuri na mwache asome namba mwenyewe, alafu muulize dawa inamsumbua nini. Akisema miguu inavimba vifundoni amlodipini inaweza kusababisha, arudi kliniki abadilishiwe, asiache kimyakimya. Ila ukikuta anaruka kwa sababu dawa zimeisha zahanati na ya dukani hana hela, hapo ushauri nasaha hauna kazi, mnunulie dawa mkuu.