Chin chin zako ni ngumu? Anza na mafuta, unga hauna kosa

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, vipimo vyako nimevifuata vyote, nusu kilo ya unga kwa gramu 125 za siagi, lakini chin chin zangu zinavunja meno. Nakosea wapi?"

Nikakumbuka oda yangu ya kwanza, kilo tatu za kitchen pati. Mteja alirudisha ndoo zote mbili, akaniambia mbele ya watu kwamba nimemuuzia kokoto. Hela nilimrudishia. Yale maneno bado yananiuma.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu Mnigeria, mama ambaye kwao Krismasi bila chin chin haijakamilika. Alinitaka nikaange mbele yake. Nikasukuma donge nene, sentimita moja na zaidi, nikapunguza moto ili ziive mpaka ndani, nikaziacha karibu robo saa. Akazima jiko. "Hizo hukaangi, unazikausha," akasema.

Mafuta yakiwa na moto wa kutosha, maji yaliyomo kwenye donge yanageuka mvuke upesi, yanalisukuma na kuacha vitundu vidogo ndani. Vitundu hivyo ndivyo vinavyokupa ile "kwachu" ya kutafuna. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, maji yanatoka polepole, donge linajikaza, linanywa mafuta, na likipoa ni jiwe.

Kwa hiyo sukuma unene wa nusu sentimita, sawasawa kote, kata vipande, kisha vitikise kwenye chekecheke unga wa juu uondoke. Unga ule ukiingia kwenye karai unaungua na kuchafua mafuta. Kama una kipimajoto, subiri nyuzi 175. Kama huna, tupia kipande kimoja: kizame, kisha kiibuke baada ya sekunde chache kikiwa na mapovu pembeni. Kikiganda chini, subiri. Kikigeuka kahawia papo hapo, punguza moto, maana kitaungua nje na ndani kibaki kibichi.

Weka kiasi kinachoelea bila kubanana. Ukijaza karai mafuta yanapoa, na unarudi kulekule kwenye kokoto. Zikishaanza kuibuka, koroga kwa kijiko cha matundu, ukizungusha na kupindua, usiache mpaka uzitoe. Mimi nilikuwa naacha karai naenda kujibu simu. Upande mmoja unaungua, mwingine mweupe. Dada yangu, ukikaanga, kaanga! Simu itasubiri dakika tano.

Epua zikiwa rangi ya dhahabu iliyofifia, kwa sababu zinaendelea kukolea hata nje ya mafuta. Zitandaze kwenye sinia. Zikitoka tu zinabonyea kidogo, usiogope wala usizirudishe motoni. Ukakavu unakuja zikipoa. Na usifunike ndoo mpaka ushike za katikati uone zimepoa kabisa, la sivyo mvuke utazilegeza usiku huohuo.