Maswali na Majibu: Kukagua Jedwali la Kodi ya Nyumba

Mpangaji wangu ana risiti ya shilingi 8,500 alizolipa Mei. Malipo hayo nayaona kwenye jedwali langu la Excel, lakini salio la mwisho bado linamdai 8,500. Kosa liko wapi? (Mwenye nyumba, Nakuru)

Kwa kuwa tofauti ni sawa kabisa na malipo yale, inaelekea kwamba mstari wake uliingizwa baadaye, katikati ya mistari iliyokuwapo. Tuseme safu ya C ina madai (kodi, maji, faini), D ina malipo, na E ina salio. Kila mstari huchukua salio la mstari ulio juu yake, ukaongeza dai na kutoa malipo:

```
=E9+C10-D10
```

Ukiingiza mstari mpya kati ya wa 9 na wa 10, mstari uliokuwa wa 10 huwa wa 11, lakini fomula yake huendelea kulitazama salio la E9. Kwa hiyo mstari mpya unaweza kuonyesha salio sahihi kabisa, na ulio chini yake ukauruka kana kwamba haupo. Malipo yanaonekana kwa macho, ila hayamo katika hesabu.

Ili kuupata mahali ulipo, weka safu ya ukaguzi pembeni, katika F. Safu hii haitegemei mstari wa juu, bali hujumlisha upya kila kitu tangu mwanzo. Ikiwa salio la kuanzia liko E2, andika hivi katika F3 kisha uiteremshe hadi mwisho:

```
=E$2+SUM(C$3:C3)-SUM(D$3:D3)
```

Teremka ukilinganisha E na F. Mstari wa kwanza ambapo zinaachana ndio wenye kosa, au ndio ulio chini ya uliorukwa. Rekebisha fomula hapo, na mistari yote ya chini itajisahihisha yenyewe.

Safu hiyo hufichua pia kosa la pili, ambalo ni gumu zaidi kuliona: kiasi kilichoingia kama maandishi badala ya namba, jambo linalotokea mara nyingi malipo yanaponakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu. Alama ya kutoa katika safu ya E huweza kuyageuza maandishi hayo kuwa namba, lakini SUM huyapuuza, kwa hiyo safu mbili hazipatani ingawa hakuna mstari uliorukwa. Andika `=ISNUMBER(D9)` kando ya kiasi unachokishuku. Jibu likiwa FALSE, kifute na ukichape upya.

Hata hivyo, safu mbili kupatana hakuthibitishi kwamba kila malipo yameingizwa, wala kwamba yameingizwa kwa kiasi sahihi. Hilo hujulikana tu kwa kulinganisha jedwali na taarifa ya M-Pesa au ya benki, mstari kwa mstari. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 16,500 iliyoandikwa 15,600. Ikiwa ni mara mbili ya malipo fulani, huenda malipo hayo yaliwekwa upande wa madai.

Mpangaji aliingia Machi akalipa 36,000: kodi ya mwezi 18,000 na dipoziti 18,000. Jedwali linaonyesha hana deni, nami nina hakika kwamba kodi ya Juni hakulipa. (Wakala, Thika)

Amana yake imeilipa kodi ya Juni bila mtu yeyote kuamua hivyo. Shilingi 36,000 ziliwekwa zote katika safu ya malipo, ilhali safu ya madai ilikuwa na kodi ya Machi peke yake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza salio lilisoma -18,000, kama kwamba mpangaji amelipa mwezi mmoja mbele. Aprili na Mei alilipa kama kawaida na salio halikubadilika. Juni hakulipa, dai la 18,000 likaimeza ile ziada, na jedwali likasoma sifuri. Dalili yake ni rahisi: ukiona salio hasi linalolingana na kodi ya mwezi mmoja na lililoanza siku mpangaji alipoingia, angalia amana kabla ya kumpongeza kwa kulipa mapema.

Usifute mstari wa Machi, kwa sababu fedha hizo zilipokewa kweli na risiti ilitolewa. Ongeza mstari wa marekebisho wenye tarehe ya leo, uweke 18,000 katika safu ya madai kwa maelezo kwamba amana imehamishiwa kwenye daftari la amana. Salio litapanda hadi 18,000, ambalo ndilo deni halisi la Juni. Faini ya kuchelewa kwa mwezi huo mimi nisingeidai, hata kama mkataba unairuhusu, kwa kuwa taarifa zako mwenyewe zilimwambia mpangaji kwamba hadaiwi.

Daftari la amana lijitegemee, na liguswe mara chache: siku ya kupokea, siku ya kukata, na siku ya kurudisha. Mpangaji akihama akiacha bili ya maji ya 1,150 na ukuta uliogharimu 4,000 kupakwa rangi, anarudishiwa 12,850, na kila kato liwe na mstari wake na risiti ya fundi. Mkikubaliana kwamba amana ilipe kodi ya mwezi wa mwisho, andika mara mbili kwa siku moja na kwa kiasi kilekile: amana inapungua katika daftari lake, na malipo yanaingia katika jedwali la kodi. Kuchanganya viwili hivi kuna gharama nyingine pia. Mwenye nyumba wa makazi aliye katika mfumo wa ushuru wa kila mwezi hutozwa, tangu Januari 2024, asilimia 7.5 ya kodi yote aliyopokea bila kutoa gharama, na amana iliyohesabiwa kama kodi huukuza ushuru huo bure.

Februari nililipa 9,000 badala ya 15,000. Tangu hapo nimelipa 15,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, lakini kufikia mwisho wa Juni nadaiwa 7,657.69. Mkataba unasema faini ni asilimia 5 ya kodi iliyochelewa. (Mpangaji, Ruiru)

Hesabu ya Februari yenyewe haina tatizo: zilibaki 6,000, faini yake ni 300, salio likawa 6,300. Kilichofuata ndicho kinachohitaji maelezo. Ukizidisha 6,300 kwa 1.05 mara nne, yaani Machi, Aprili, Mei na Juni, unapata 7,657.69 kamili. Maana yake ni kwamba wakala anatoza asilimia 5 ya salio lote kila mwezi, na ndani ya salio hilo mna faini za miezi iliyotangulia. Mkataba wako unataja kodi iliyochelewa. Hautaji salio, wala hausemi kwamba faini itazaa faini. Senti zilizo mwishoni mwa deni ni ushahidi mzuri, kwa sababu kodi ya 15,000 inayolipwa kwa maelfu kamili haiwezi kuleta senti 69 isipokuwa asilimia imetozwa juu ya asilimia.

Kutoka hapo kuna swali moja ambalo wakala anaweza kulijibu kwa haki kwa namna tofauti na wewe: zile 15,000 za Machi zililipa nini? Ikiwa zililipa kodi ya Machi, basi Machi haikuchelewa, hakuna faini mpya, na deni lako hadi leo ni 6,300. Ikiwa zilianza kulipa deni la zamani, 6,000 zilimaliza kodi ya Februari, 9,000 zikaenda Machi, na Machi ikapungukiwa na 6,000. Hapo faini mpya ya 300 inahesabika, na mwezi unaofuata hali ni hiyohiyo. Kwa njia hii ya pili, faini tano za 300 kuanzia Februari hadi Juni, pamoja na kodi isiyolipwa ya 6,000, zinafanya 7,500. Hata njia hii iliyo kali kwako, basi, haifiki 7,657.69, mradi malipo yako yasihesabiwe kuwa yanalipa faini kabla ya kodi.

Kanuni ya kawaida ya sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza ni kwamba mlipaji ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema fedha zake zinalipa deni lipi. Akinyamaza, haki hiyo humwendea mpokeaji. Kwa hiyo tazama kwanza mkataba kama una kifungu kuhusu mpangilio wa malipo, kisha utafute jumbe na risiti zako. Kama uliandika "kodi ya Machi" ulipotuma, au risiti uliyopewa inasema hivyo, msimamo wa 6,300 una nguvu. Mwandikie wakala barua fupi yenye hesabu hizo mbili, uombe jedwali linaloonyesha faini katika mistari yake yenyewe, kila moja ikitaja mwezi na kiasi ilichotozwa juu yake. Zile 6,000 lakini zilipe mapema, ukitaja wazi kwamba ni za Februari, maana hizo hazina ubishi.

Nililipa tarehe 5 saa tatu usiku, jedwali linasema tarehe 7, na nimetozwa faini. (Mpangaji, Mombasa)

Tarehe 7 huenda ni siku ambayo karani aliketi kuingiza malipo. Inayohesabika ni ile iliyo katika ujumbe wa M-Pesa, wenye tarehe, saa na namba ya muamala. Mpelekee ujumbe wenyewe. Ila soma mkataba: "kufikia tarehe 5" huijumuisha siku yote ya tano, lakini "kabla ya tarehe 5" haiijumuishi. Kwa aliyelipa kupitia benki, taarifa inaweza kuwa na tarehe mbili, ya muamala na ya fedha kuanza kuhesabika, na ni busara mkubaliane mapema ni ipi itakayotumika.

Nimehamia Agosti. Taarifa yangu ya kwanza ina "salio lililoletwa mbele" la 11,200. (Mpangaji, Kisumu)

Jedwali hilo limepangwa kwa namba ya nyumba badala ya jina la mpangaji, na deni la aliyehama limebaki mlangoni. Salio la kuanzia la mpangaji mpya ni sifuri. Andika upinge mara moja, kabla hujalipa kodi ya pili, kwa sababu malipo yako yakianza kulipa deni la zamani, utaonekana unachelewa kila mwezi. Wakala naye afunge ukurasa wa aliyehama, aone kama amana yake ilitosha kulipa deni hilo, na afungue ukurasa mpya.

Nina vyumba 8. Jumla ya masalio ni 17,000, kwa hiyo malimbikizo ni madogo, sivyo? (Mwenye nyumba, Eldoret)

Sivyo, kama kati ya hao kuna waliolipa mbele. Wapangaji 3 wakidaiwa jumla ya 41,000, na 2 wakiwa wamelipa mbele 24,000, jumla itasoma 17,000, ilhali fedha za hao 2 haziwezi kulipa deni la wale 3. Ikiwa masalio ya vyumba yako G2 hadi G9, jumlisha yaliyo juu ya sifuri peke yake:

```
=SUMIF(G2:G9,">0")
```

Kisha gawanya hizo 41,000 kwa umri wa deni: la mwezi huu, la mwezi uliopita, na la zamani zaidi ya hapo. Anayedaiwa 15,000 za mwezi huu tarehe 6 huenda analipa wiki ijayo. Anayedaiwa 15,000 zilizobaki tangu Machi anahitaji kuitwa mzungumze, mkiwa na jedwali lililokwisha kukaguliwa mbele yenu.