Kikomo cha akiba ya masaa: kabla ya deni au baada yake?

Swali: Nashughulikia mishahara kwenye ofisi ya kuondosha mizigo bandarini, Mombasa. Wafanyakazi hujipangia muda wa kuingia na kutoka, mradi wote wawepo saa nne asubuhi hadi saa tisa. Masaa yanayozidi tunayabeba mpaka 10, yanayopungua mpaka 6, kisha tunafunga kila mwisho wa mwezi. Mwenzetu mmoja alifunga Machi na deni la 5:30. Aprili 2025 akafanya 177:20, nasi tukamwandikia akiba ya 4:30. Analalamika tumemla masaa yake. Nimerudia hesabu na naona iko sawa. Tumekosea wapi?

Jibu: Analalamika kwa haki. Kosa haliko kwenye kujumlisha, liko kwenye mpangilio wa hatua.

Aprili 2025 ilikuwa na siku 22 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ondoa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, zinabaki 20, yaani masaa 160 kwa siku ya masaa 8. Kwa hiyo amezidisha 17:20. Ninyi mliikata hiyo 17:20 ikawa 10, kisha mkatoa deni la 5:30, ndipo ikabaki 4:30. Lakini kikomo ni cha salio linalobebwa kwenda mwezi ujao. Kazi ya mwezi wenyewe hakiigusi. Deni lilipwe kwanza: 17:20 toa 5:30 ni 11:50. Hapo ndipo kikomo kinaingia. Anabeba 10, na 1:50 inakwenda kwenye malipo ya mwezi. Kwa njia yenu amepoteza 7:20. Tofauti kati ya 7:20 na 1:50 ni 5:30, sawasawa na deni lake. Amelilipa mara mbili.

Kosa hili hujificha kwa sababu asiyekuwa na deni wala akiba ya nyuma hupata jibu lilelile kwa njia zote mbili. Ukitaka kuwajua walioumia, chuja waliofungua mwezi na deni kisha wakavuka 10.

Fanyeni hesabu kwa dakika. Excel hukataa kuonyesha muda ulio chini ya sifuri, hujaza ##### kwenye seli, na karani mwenye haraka huandika namba kwa mkono. Hapa A ni salio la kufungulia, B dakika zilizofanywa, C zilizotakiwa, D kikomo cha akiba, E kikomo cha deni:

```
F2: =A2+B2-C2
G2: =MAX(-E2,MIN(D2,F2))
H2: =F2-G2
```

Kwa mwenzenu: A ni -330, B 10640, C 9600, D 600, E 360. F inatoa 710, G 600, H 110. Kinachofungua Mei ni G. Ukibeba F kwa bahati mbaya, zile dakika 110 zitalipwa Aprili na kuhesabiwa tena Mei. Na ukiona mwezi fulani karibu ofisi nzima ina deni linalolingana, angalia C kabla ya kumlaumu yeyote wala kivuko cha Likoni: pengine sikukuu hazikutolewa.

Hiyo 1:50 ilipwe au ipotee? Kandarasi ndiyo iseme, ila mimi sipendi kufuta masaa ambayo msimamizi mwenyewe aliyaomba. Meli ikichelewa na mtu akaambiwa abaki, hiyo ni ovataimu, iandikwe pembeni tangu siku hiyo, isichanganywe na masaa ya kujipangia. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 45,000. Ukigawa kwa 225, kigawanyo kinachotumika kwenye agizo la jumla la mishahara Kenya, saa moja ni 200, na kwa mara moja na nusu ni 300. Saa 1 na dakika 50 ni 550. Aliyeingiza 1.50 badala ya 1.8333 atalipa 450, na mia moja imepotea kimyakimya.

Upande wa deni nendeni polepole zaidi. Mtu akifunga na -7:30, H itatoa -90. Msikimbilie kukata mshahara. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaorodhesha makato yanayoruhusiwa, na kuhusu kutofika kazini kinataja siku nzima ambayo mtu hakuwepo bila ruhusa wala sababu halali. Aliyefika kila siku lakini akapungukiwa saa moja na nusu haingii hapo kwa urahisi. Mkubaliane kwa maandishi siku atakazofidia dakika hizo 90 mwezi unaofuata, au akiridhia zitoke kwenye likizo yake, na ziwe na safu yake mpaka ziishe. Zikirudishwa kwenye A, kikomo chenu cha deni kitakuwa cha jina tu.

Kwa Aprili, fungeni salio la mwenzenu kwa 600, mlipe zile 110, na marekebisho yaonekane kwenye hati yake ya mshahara kama mstari wa peke yake.