Barua kwa mwanangu: vile viti vya kijani

"Mama, watu wananijua kila mahali: kanisani, kwenye chama, hata wale niliosoma nao Maseno. Nikianza biashara ya sherehe hapa Kisumu, nishike harusi, matanga au mahafali?"

Mwanangu,

Umenikumbusha viti. Vile vya kijani ambavyo wewe na kaka yako mlivihesabu nyuma ya nyumba kila Jumapili jioni kabla sijavifungia stoo. Kuna Jumapili moja niliwaambia mhesabu tena, mkahesabu, nikawaambia tena. Hamkujua kwa nini.

Ni ile wiki ya matanga ya binamu ya baba yako. Kamati ilikaa usiku uleule, na kabla chai haijamiminwa mtu akasema viti visitafutwe mbali, mama yetu yuko hapa. Nilifurahi sana. Alhamisi nikapeleka hema 3 na viti 300, kwa kuwa mwili ulikuwa unatoka mochari Ijumaa na watu wangekesha. Tulipatana hema 3,000 kila moja, kiti shilingi 10, yaani 12,000 zote. Wakanipa 4,000, zikaishia kwa lori na vijana wa kupakia. Zilizobaki ningepewa baada ya mazishi.

Baada ya mazishi hakuna kamati. Mochari haitoi mwili kabla bili haijalipwa. Fundi wa jeneza hatoi jeneza. Mwenye ng'ombe haachii kamba kabla hajashika pesa. Lakini hema lako limeshasimama na wazee wameshaketi, kwa hiyo unalipwa mwisho, na mwisho mfuko ni mtupu. Tena wewe ni mtu wa nyumbani, utaelewa. Kujulikana ndiko kulikonipa ile kazi, na ndiko kulikoninyima pesa yake.

Jumapili nilipokwenda kuvichukua vilikuwa 271. Vingine vilikwenda kwa majirani waliolaza wageni. Vingine vilichanganyika na vya mtu mwingine aliyeitwa Ijumaa watu walipozidi, navyo vilikuwa vya kijani. Kiti kipya wakati ule kilikuwa shilingi 600. Hata wangenilipa zile 8,000, nisingerudisha nusu ya viti 29. Mwaka uliofuata nilikiona kimoja nje ya kibanda cha chai, nikakijua kwa mguu niliokuwa nimeushona kwa waya. Nikapita. Mpaka leo nakiona.

Je, ningedai? Aliyefiwa unamdaije, macho yake yamevimba? Nimejiambia hivyo miaka mingi. Lakini fundi wa jeneza alidai wakati uleule, na hakuna aliyemwita katili. Basi ningedai. Ila si kwa mjane. Ningedai kwa mweka hazina, Jumatano, mchango ukiwa bado unaingia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua sherehe, jifunze hili: mchango ni mchango, na kazi ni kazi. Ukifiwa na mtu wako, toa 1,000 yako, iandikwe daftarini kwa jina lako. Kisha ulipwe viti vyako vyote, nusu kabla lori halijawashwa na nusu jioni ya kuamkia mazishi. Ukichanganya hivyo viwili, watakumbuka kwamba ulilipwa na kusahau kwamba ulisamehe.

Vitu vyenyewe utavizoea. Choma alama yako chini ya kila kiti kwa chuma cha moto, maana rangi hukwanguliwa. Vifunge kumikumi. Mtu mmoja wa kamati avihesabu na kutia sahihi vikishuka, na ahesabu yeye huyohuyo vikipanda. Hema likinyeshewa usiliache limekunjwa usiku wa pili. Litandaze likauke, la sivyo litaota ukungu na kuoza kwenye mishono.

Harusi ina kamati inayokaa miezi kadhaa, na bwana harusi yuko hai, unaweza kumpigia simu. Lakini watataka vitambaa, riboni na viti vyeupe visivyo na mkwaruzo, na wote wanakuhitaji Jumamosi moja ya Agosti au Desemba. Mahafali ni nyumba moja, viti 50, mzazi analipa mwenyewe na kulala amefurahi. Ni pesa safi, ila chuo hakifanyi mahafali kila wiki. Matanga yapo kila wiki. Hapo ndipo watu wako watakupigia wa kwanza, usiku, kabla ya mkutano. Nami karibu niseme uchague... hapana, wewe ndiye utakayeshika simu hiyo, na mimi nilipoishika sikuweza kusema "nusu kwanza".

Hema mbili bado ziko stoo, baba yako alikataa kuziuza. Ukija Desemba tutazitandaza uwanjani tuone panya wamekula wapi. Viti viko 214. Nilivihesabu jana baada ya kusoma barua yako.

Mama yako