Kikohozi cha kubweka, kifua cha filimbi, na mtoto anayechoka kupumua

Kwenu wauguzi na matabibu mnaoanza zamu wodi ya watoto. Kuna watoto wawili watakaowachanganya mapema, kwa sababu mama zao watasema maneno yale yale: "Alianza na mafua, sasa anakohoa na kifua kinambana." Mmoja ana krupu, mwenzake ana bronkiolaitisi. Yote mawili yanaletwa na virusi, yote yanaanza puani, na kwa wote wawili utaona kifua kikibonyea ndani. Lakini ugonjwa umekaa sehemu mbili tofauti za njia ya hewa, na dawa inayomsaidia sana mmoja haimfanyii mwingine chochote.

Kabla hujachukua stetoskopu, simama hatua chache kutoka kitandani umsikilize mtoto akiwa bado mikononi mwa mama yake. Jiulize jambo moja tu: mlio unatoka anapovuta hewa au anapoitoa?

Kwenye krupu uvimbe uko kwenye zoloto na sehemu ya juu ya koo la hewa, chini kidogo ya nyuzi za sauti. Sehemu hiyo iko nje ya kifua, kwa hiyo mtoto akivuta hewa kwa nguvu inazidi kujibana, na mlio mkali unasikika anapovuta. Kwa kuwa nyuzi za sauti ziko jirani, sauti yake inakwaruza, na akikohoa utasikia mbweko kama wa mbwa. Ukishausikia mara moja hutausahau. Wengi wana umri wa miezi 6 hadi miaka 3, na mara nyingi wanazidiwa usiku.

Kwenye bronkiolaitisi shida iko chini kabisa, kwenye mirija midogo ndani ya mapafu, ambayo imevimba na kujaa makamasi. Mirija hiyo iko ndani ya kifua, kwa hiyo inabanwa mtoto anapotoa pumzi, na ndipo unaposikia filimbi. Hewa inaingia lakini kutoka ni kazi, inanasa, kifua kinajaa na kutuna. Ukigusa tumbo utalipata ini chini ya mbavu kwa sababu limesukumwa na mapafu yaliyojaa. Usikimbilie kuandika moyo umeshindwa, ingawa inafaa uupime moyo pia. Mtoto huyu huwa mdogo zaidi, chini ya miaka 2, na wanaolazwa wengi ni wa miezi michache tu. Kirusi kikuu ni RSV. Siku mbili za kwanza ni mafua tu, kisha siku ya tatu hadi ya tano ndiyo mibaya. Kwa hiyo muulize mama leo ni siku ya ngapi. Mtoto wa siku ya pili anayeonekana ana nafuu bado hajafika kileleni.

Nichukue krupu kwanza, maana ina dawa. Tuseme ameletwa usiku mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 10, anabweka, na mlio wa kuvuta hewa unasikika hata akiwa ametulia. Hilo la kutulia ni muhimu. Mlio unaotokea akilia tu, ukipotea akinyamaza, ni krupu nyepesi. Mlio usiokoma hata akiwa amepakatwa kimya ni wa kulazwa. Huyu mpe deksamethasoni dozi moja, miligramu 0.6 kwa kila kilo, yaani miligramu 6. Ukiwa na ampuli ya miligramu 4 kwa mililita 1, hiyo ni mililita 1.5, na unaweza kumnywesha dawa hiyo hiyo ya sindano kwa mdomo. Kumdunga kunamliza, na kilio kinazidisha kubana. Mdunge tu kama anatapika au hawezi kumeza. Dawa inahitaji saa moja au mbili ndipo uone tofauti.

Kama hali yake haivumilii kusubiri, ndipo unapotumia adrenalini ya 1:1000 kwenye nebulaiza. Mwongozo wa WHO unataja mililita 2. Ndani ya nusu saa mtoto anaweza kuonekana mwingine kabisa, na hapo ndipo watu wanapomruhusu kwenda nyumbani. Usifanye hivyo. Adrenalini huisha nguvu baada ya saa 2 hivi, na mlio unaweza kurudi akiwa njiani kwenye bodaboda. Mbakize, umsikilize tena baada ya muda huo kupita. Salbutamoli hapa haina kazi, wala antibiotiki.

Kwenye krupu kali mkono wako unaweza kuleta madhara. Usimlaze chali, usimtoe kwa mama, usimtie kijiti mdomoni kutazama koo. Mrija wa hewa wa mtoto huyu una upana wa milimita 4 au 5 tu, na uvimbe wa milimita moja kuzunguka ukuta wake unakula sehemu kubwa ya nafasi yote. Mtoto akipambana na wewe, nafasi iliyobaki inaweza kuziba. Kama anahitaji oksijeni, mama aishike karibu na uso wake badala ya kumbandika kwa nguvu.

Na kabla hujaridhika na jina la krupu, uliza maswali machache. Je, ilianza ghafla akila karanga au akichezea punje za mahindi? Je, ana homa kali, anadondosha mate, hataki kumeza? Je, amechanjwa, ili uifikirie dondakoo? Ana vipele na macho mekundu ya surua? Na hili wengi wanasahau: je, amekatwa kimeo? Kwetu bado kuna watoto wanaopelekwa kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha, na wanaletwa na usaha, damu au uvimbe kooni. Mama hatakwambia mwenyewe kama anaogopa kugombezwa. Muulize kwa upole, na jibu lolote lisibadilishe sura yako. Vivyo hivyo kwa kufukiza: mwambie tu kwamba mvuke haujaonekana kuondoa uvimbe huo, na maji ya moto yanaunguza watoto.

Sasa bronkiolaitisi. Ameletwa mtoto wa miezi 3, kilo 5, siku ya tatu ya ugonjwa. Anapumua mara 68 kwa dakika, filimbi na mikwaruzo pande zote mbili za kifua, pua imeziba, ananyonya kidogo na kuachia. Oksimita inasoma 88. Hapa hakuna dawa ya kutibu. Steroidi hazisaidii, na antibiotiki ni za mtoto ambaye una sababu ya kudhani ana nimonia. Salbutamoli unaweza kuijaribu mara moja, ukihesabu pumzi kabla na baada. Kama hakuna kilichobadilika, iache.

Kinachomsaidia ni vitu vitatu vinavyoonekana vidogo. Kwanza pua, kwa sababu mtoto wa umri huu hupumua zaidi kwa pua: matone ya maji ya chumvi ya hospitali, kisha nyonya makamasi taratibu, hasa kabla ya kunyonyeshwa. Pili oksijeni, ukiwa chini ya 90, kwa mirija ya puani, lita 1 kwa dakika kwa kuanzia. Tatu maziwa. Asiyeweza kunyonya, mama akamue na umpitishie kidogo kidogo kwa mpira wa puani. Ila akiwa anapumua zaidi ya mara 70 au anahangaika sana, simamisha maziwa na mpe maji ya mshipa, kwa sababu tumbo lililojaa linasukuma kifua na anaweza kupaliwa.

Mtoto huyu umempa oksijeni, akafika 94. Saa nne baadaye mwenzako anahesabu pumzi 44 na kuandika kwenye faili, "Anaendelea vizuri, ametulia." Nawasihi msiipokee sentensi hiyo bila kumwona mtoto. Pumzi zimepungua kutoka 68 hadi 44 kwa njia mbili zinazowezekana: ama mirija imefunguka, ama misuli imechoka.

Aliyepata nafuu anakutazama. Ukimgusa analia kwa sauti kamili, ananyonya zaidi kuliko asubuhi, mapigo ya moyo yanashuka, na oksijeni inapanda au inabaki pale pale hata ukiipunguza. Ukiweka stetoskopu, hewa inasikika ikiingia vizuri. Aliyechoka ni tofauti kwa kila kitu isipokuwa ile namba 44. Kichwa kinatikisika kwa kila pumzi, au alikuwa hivyo na sasa ameacha. Anaguna anapotoa hewa. Ukimchoma kidole kupima sukari, anakunja uso tu. Filimbi imepungua, lakini hewa nayo imepungua, kwa sababu bila hewa inayopita hakuna kinachoweza kupiga filimbi. Kati ya pumzi na pumzi kuna kimya kirefu. Moyo unakimbia, kisha unaanza kushuka, na kushuka huko akiwa amelegea ni dalili ya mwisho mwisho. Watoto wa chini ya miezi 2 na waliozaliwa njiti wanaweza kuacha kupumua ghafla, hata kabla kifua hakijaonekana kibaya, kwa hiyo hao wawekwe mahali unapowaona.

Krupu nayo ina kimya chake. Mlio uliokuwa ukisikika hadi mlangoni umefifia, kifua hakibonyei sana kama mwanzo, mtoto aliyekuwa akihangaika sasa amelegea begani kwa mama. Usimtegemee oksimita hapa, maana kwenye krupu oksijeni hushuka mwishoni kabisa. Mtoto anayesoma 96 anaweza kuwa karibu kuziba. Kwenye ngozi nyeusi pia ubluu wa midomo unachelewa kuonekana, kwa hiyo tazama ulimi na ufizi, tena kwenye mwanga mzuri. Kifaa chenyewe huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli.

Ukiona hayo, usiondoke kwenda kumtafuta daktari. Mtume mtu. Wewe baki, ongeza oksijeni, weka kichwa sawa bila kukikunja, safisha pua, na ambubagi yenye barakoa ya kumtosha iwe mkononi. Wa bronkiolaitisi anaweza kuhitaji CPAP, kama ipo na yupo wa kuisimamia. Wa krupu mrudishie adrenalini wakati anayejua kupitisha mrija wa hewa anaitwa, na aitwe yule mwenye uzoefu kuliko wote walio zamu, kwa sababu mrija utakaopita utakuwa mdogo kuliko wa umri wake na nafasi ya kujaribu ni finyu. Kama kituo chako hakina mtu huyo, rufaa ipangwe wakati mtoto bado analia kwa nguvu, na mhudumu aende naye kwenye gari akiwa na oksijeni na ambubagi.

Kwenye faili, pamoja na idadi ya pumzi, andika kila mara mambo mengine mawili: alilia vipi ulipomgusa, na alinyonya kiasi gani. Anayekupokea zamu asubuhi akisoma "pumzi 44, analia kwa nguvu, amenyonya dakika kumi" atajua aanze na mtoto mwingine. Akisoma "pumzi 44, halii, hakunyonya" atakwenda kitandani kabla hajavua begi.