Shtaka kubadilishwa kesi ikiwa katikati

*Wakili, mdogo wangu alishtakiwa katika mahakama ya Makadara, Nairobi, kwa wizi wa simu. Mlalamikaji na shahidi mwingine walishatoa ushahidi. Sasa mwendesha mashtaka anaomba shtaka liwe wizi wa mabavu kwa sababu mlalamikaji alitaja panga. Anaruhusiwa? Tufanyeje?*

Anaruhusiwa kuomba, mradi upande wa mashtaka haujafunga kesi yake. Kifungu cha 214 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinampa hakimu uwezo wa kurekebisha shtaka lenye kasoro, kuweka jingine mahali pake au kuongeza jipya. Mnaweza kupinga, hasa kama panga lilikuwa kwenye taarifa ya polisi tangu mwanzo na hakuna aliyeshughulika. Lakini nisikufiche: kwa kawaida mahakama hukubali, kwa kuwa sheria imempa mshtakiwa kinga nyingine.

Kinga ya kwanza ni kusomewa shtaka jipya na kulijibu upya. Ya pili ndiyo nzito: ana haki ya kudai mashahidi waliotangulia waitwe tena. Tangu kesi ya Yongo ya 1983, Mahakama ya Rufaa imesisitiza kwamba kumbukumbu za kesi zionyeshe masharti haya yalifuatwa. Kwa hiyo wakili wake aseme wazi, hakimu aandike.

Hapa pana uamuzi wa kufanya kwa makini. Shahidi anaweza kuitwa atoe ushahidi upya, au ahojiwe zaidi tu na upande wenu. Watu wengi hukimbilia kudai upya, na hapo humpa mlalamikaji nafasi ya kuziba mapengo aliyoacha mara ya kwanza. Linganisheni kwanza taarifa aliyoandikisha polisi na alichosema kizimbani. Ikiwa taarifa haina panga, mwiteni kwa kuhojiwa zaidi tu: alimwambia nani habari za panga, lini, na kwa nini afisa hakuliandika? Mwendesha mashtaka ataruhusiwa kumuuliza tena, ila kuhusu yale tu yaliyotokana na mahojiano hayo. Shahidi wa pili, kama alichosema ni kuhusu kununua simu pekee, mwacheni.

Ombeni pia kesi iahirishwe. Wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu hufika miaka 3. Wizi wa mabavu chini ya 296(2) adhabu yake ni kifo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa muda wa kutosha kujiandaa, na utetezi wa shtaka la kwanza hautoshi hapa. Dhamana nayo huenda ikaangaliwa upya, basi mdhamini awe tayari siku hiyo.

Msisubiri rufaa ndipo mlalamike. Kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huifanya mahakama ya juu kuuliza kama pingamizi lingeweza kutolewa mapema zaidi.