Wiki moja, siku 1,475: hesabu za banda la kuku wa mayai

Shikamoo. Naandika mayai, chakula na vifo kila siku, nimejaza madaftari mawili. Ila ikifika Jumapili sijui nifanye nini na hizo namba. Nimekutumia picha ya ukurasa wa wiki iliyopita. Kuku wana wiki 34, nilianza nao 220. (Mama wa Ipuli, Tabora)

Marahaba mama. Ukurasa wako ni msafi kuliko mingi ninayotumiwa, kwa hiyo nitaufanyia kazi huohuo.

Kuku waliokuwepo kila asubuhi umeandika hivi: 212, 212, 211, 211, 211, 209, 209. Watu wengi hapa huchukua 212 ya Jumatatu wakazidisha mara 7. Usifanye hivyo. Kuku aliyekufa Jumanne hakupata nafasi ya kutaga Jumatano, kwa hiyo si haki kumdai yai. Jumlisha namba za asubuhi zote saba, utapata 1,475. Mimi huiita hesabu hiyo "siku za kuku": kuku mmoja akiishi siku moja, ni siku moja ya kuku. Karibu kila kitu cha wiki kinagawanywa kwa namba hiyo.

Mayai yako ni 176, 178, 174, 175, 171, 168 na 166, jumla 1,208. Gawanya kwa 1,475, zidisha kwa 100, unapata asilimia 81.9. Maana yake, katika kila kuku 100 waliokuwa hai siku yoyote ya wiki hiyo, 82 hivi walitaga kwa wastani.

Chakula: Jumatatu asubuhi ulikuwa na kilo 68 stoo, ukanunua magunia 3 ya kilo 50, Jumapili jioni zikabaki kilo 46. 68 na 150 ni 218, toa 46, kuku wamekula kilo 172. Ukigawa kwa siku za kuku, kila mmoja amekula gramu 117 kwa siku, kiasi cha kawaida kwa kuku wa kisasa wa mayai. Ukigawa kwa mayai, kila yai limekula gramu 142, yaani trei moja imekula kilo 4.27. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kuiandika ukutani. Tuseme kilo ya chakula unaipata kwa shilingi 1,200: trei yako imeshakula 5,124 kabla hujalipa dawa, maranda wala kijana wa bandani. Weka bei yako mwenyewe, uone kinachobaki.

Sasa vifo. Walikufa 3 kati ya 212, asilimia 1.4 kwa wiki moja. Katika kundi zima linalotaga, vifo vya mwaka mzima vikifika asilimia 5 au 6 ni kawaida, hivyo wiki moja haipaswi kubeba mzigo kama huo. Lakini kwa kundi dogo kama lako kifo kimoja tu ni karibu nusu asilimia, kwa hiyo usiruke kwa kila mzoga. Jumlisha wiki nne nne ndipo uhukumu.

Kilichonishtua mimi si vifo. Jumatatu walitaga 176 kati ya 212, asilimia 83. Jumapili 166 kati ya 209, asilimia 79. Kuku watatu waliokufa wangepunguza mayai mawili au matatu kwa siku, nawe umepoteza 10. Maana yake waliobaki hai nao wamepunguza kutaga, na umri wa wiki 34 ni wakati wa kutaga zaidi ya asilimia 90. Daftari halitaji jina la ugonjwa, ila limekuambia kuna jambo bandani. Akifa mwingine usimzike. Mpeleke siku hiyohiyo kwa afisa mifugo akampasue, na uende na daftari.

Nilianza na kuku 150, sasa wapo 131. Wiki hii hakufa hata mmoja na nimeokota mayai 742. Kijana wangu anasema tunataga asilimia 81, mimi napata 71. Nani kakosea? (Nzega)

Hakuna aliyekosea, kila mtu amejibu swali lake. Kijana amegawa kwa kuku waliopo: 131 mara 7 ni 917, na 742 kwa 917 ni asilimia 80.9. Wewe umegawa kwa kuku ulioingiza bandani: 150 mara 7 ni 1,050, ikawa 70.7.

Ya kijana inapima kuku walio hai, kama wanalishwa na kutunzwa vizuri. Yako inapima pesa uliyoweka, kwa sababu wale 19 uliwalea miezi mitano na chakula chao ulilipa. Ukiangalia ya kijana peke yake unaweza kujidanganya vibaya: banda likibaki na kuku 40 hodari, asilimia itang'aa na mfuko utakuwa mtupu. Andikeni zote mbili, na mwandike juu ya kila moja imegawanywa kwa nini, la sivyo mtagombana tena mwezi ujao.

Lakini hao 19 walikwenda wapi? Kufa, kuuzwa, kuliwa sikukuu na kuibwa si kitu kimoja. Mfugaji mmoja aliniletea "vifo" 11 tukahangaika na chanjo ya mdondo, kumbe 6 walipelekwa harusini. Weka safu ya vifo na safu nyingine ya "waliotoka".

Sina mizani. Chakula nitakipimaje kila siku? (Isevya)

Tafuta kopo moja la kudumu. Lijaze, lisawazishe kwa kijiti, ulipeleke dukani likapimwe mara moja. Ukijua kopo lako linabeba, tuseme, kilo 1.6, kazi yako ni kuhesabu makopo. Mtego ni mmoja: ukibadili mchanganyiko, kopo lipimwe upya. Chakula chenye pumba nyingi ni chepesi, kopo lilelile halitabeba kilo zilezile, nawe utaandika kuku wanakula kama zamani kumbe wamepunjwa.

Mwisho wa wiki linganisha makopo na stoo, kwa hesabu niliyomfanyia mama wa Ipuli. Makopo yakisema kilo 150 na stoo imepungua 172, kilo 22 hazikupita kwenye kopo. Panya, gunia lililotoboka, au mtu. Hesabu zote mbili zikikubaliana lakini kila kuku anaonekana kula gramu 135 na mayai hayajaongezeka, inama uangalie sakafu chini ya vyombo. Chombo kikijazwa hadi ukingoni kuku huparua na kumwaga. Jaza theluthi moja, ongeza mara kwa mara.

Na majogoo, kama unao, wanakula. Katika hesabu ya mayai usiwaingize, katika hesabu ya chakula waingize.

Yai lililopasuka nalo nalihesabu? (Cheyo)

Ndiyo, na lile laini lisilo na ganda pia. Kuku ametaga, yai kuharibika ni jambo jingine. Lipe safu yake, kwa sababu mayai laini yakiongezeka wiki hadi wiki, ni upungufu wa chokaa kwenye chakula, joto au maradhi, na utaliona hilo kabla jumla haijashuka.

Nina kuku 210. Ndani ya wiki mbili mayai yametoka trei 6 hadi 5 kwa siku. Hakuna aliyekufa, na chakula wanamaliza kilo 24 zilezile. Jirani anasema ni mdondo, ninunue dawa. (Urambo)

Dawa ya mdondo haipo, kuna chanjo tu, kwa hiyo mtu akikuuzia "dawa ya mdondo" mkimbie. Na namba zako hazifanani na mdondo.

Kuku anayeugua kwa kawaida huanza kuacha chakula, mayai hufuata baada ya siku chache, halafu vifo. Wako wametoka mayai 180 hadi 150, yaani kutoka asilimia 86 hadi 71, lakini gramu zao 114 hazijatikisika. Kuku wanaokula vile wana afya ya tumbo. Kwa hiyo mara nyingi ama wanataga na huyaoni, ama wanakula kitu kisichotosha kutengeneza yai.

Anza na la kwanza kwa sababu ni bure. Siku tatu mfululizo okota mayai wewe mwenyewe, mara nne kwa siku, bila kumtangazia mtu. Yakirudi karibu na 180, tatizo lina miguu miwili. Yasiporudi, pekua viota: ute uliokauka na vipande vya maganda ni alama ya kuku wanaokula mayai.

Kama si hayo, pima trei nzima ya mayai, ukitoa uzito wa trei yenyewe. Mayai 30 ya kawaida yana kilo 1.8 hivi. Yakiwa mepesi kuliko ya mwezi jana, kagua mchanganyiko: dagaa wenye mchanga, mashudu machache, mahindi mengi. Gunia lina kilo zilezile, protini haimo.

Taa pia. Huku kwetu urefu wa mchana haubadiliki hata kwa saa moja mwaka mzima, hivyo usilaumu majira. Lakini kama ulikuwa unawawashia balbu alfajiri na jioni, kisha ikaungua au umeme ukawa wa kukatika, kuku watapunguza kutaga huku wakiendelea kula. Uliza balbu iliungua lini, kisha tazama tarehe hiyo kwenye daftari.

Simu yangu ina Sheets. Nipe fomula nisiwe nakokotoa kwa mkono. (Ipuli)

Mstari wa 1 ni vichwa. A siku, B kuku wa asubuhi, C mayai yote, D vifo, E waliotoka, F kilo za chakula. Jumatatu ni mstari wa 2, Jumapili wa 8. Kwenye B3 weka ya kwanza hapa chini, uivute hadi B8. Tatu zinazofuata ziweke pembeni: asilimia ya kutaga, gramu kwa kuku kwa siku, na kilo kwa trei.

```
=B2-D2-E2
=SUM(C2:C8)/SUMIF(C2:C8,">=0",B2:B8)*100
=SUMIF(C2:C8,">=0",F2:F8)/SUMIF(C2:C8,">=0",B2:B8)*1000
=SUMIF(C2:C8,">=0",F2:F8)/SUM(C2:C8)*30
```

Siku isiyo na kifo andika 0, usiache wazi. Na siku uliyosahau kuhesabu mayai usibuni: acha C yake wazi, fomula zitauacha mstari huo nje ya hesabu zote, kuku, mayai na chakula, wiki hiyo iwe ya siku sita. Kila Jumapili kahesabu kuku kwa macho, wakiwa wamelala usiku ndiyo rahisi. Fomula ikisema 209 na bandani wapo 205, sahihisha B ya Jumatatu inayofuata, kisha ukaulize hao wanne.